Mediani ya msongamano wenye vipande viwili: kwa nini tumepata majibu matatu tofauti?

Nuru_PCM

Heshima kwenu walimu na wanajukwaa wote. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, na kikundi chetu cha kujisomea kimekwama kwenye swali moja la uwezekano. Swali linasema kwamba muda X, kwa saa, ambao fundi hutumia kutengeneza pampu moja ya maji una fanksheni ya msongamano ifuatayo:

```
f(x) = x/6           0 ≤ x ≤ 2
f(x) = (6 − x)/12    2 < x ≤ 6
f(x) = 0             kwingineko
```

Tunatakiwa kuandika fanksheni limbikizi F(x), kisha kutafuta mediani. Sote tunakubaliana kwamba mediani ni ile thamani m ambayo F(m) ni sawa na 1/2. Tatizo linaanza hapo. Mwenzangu mmoja amechukua kipande cha kwanza, akapata m²/12 = 1/2, na jibu lake ni √6, yaani takriban 2.45. Mimi nimechukua kipande cha pili, nikatafuta intigrali kuanzia 2 hadi m, nikailinganisha na 1/2, na nimepata 4 kamili. Wa tatu ametafuta intigrali ya kipande cha pili bila kuweka mipaka, na amepata takriban 1.10. Jibu lililo nyuma ya kitabu ni 6 − 2√3, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikia. Naomba kueleweshwa hatua inayokosekana, kwa sababu kila mmoja wetu anaona njia yake iko sawa.

Bahari_Shwari

Nuru, jibu la kitabu ni sahihi, kwa kuwa 6 − 2√3 ni takriban 2.54. Mlinganyo sahihi wa swali hili una kipeo cha pili, kwa hiyo utakupa majawabu mawili, nawe uchukue lile dogo. Tena unaweza kujihakikishia kwa njia rahisi: modi ya msongamano huu ni 2, kwa sababu ndipo grafu inapofikia kilele, na wastani ni 8/3, yaani 2.67. Kwa msongamano wa umbo la pembetatu kama huu, mediani hukaa kati ya modi na wastani, kwa hiyo 4 na 1.10 yanaanguka hapo hapo.

Nuru_PCM

Nashukuru, kaka. Lakini √6 nayo iko kati ya 2 na 2.67. Kipimo hicho hakinisaidii kumwonyesha mwenzangu kwamba jibu lake si sahihi.

Mwl_Pwani

Mwanangu Nuru, hoja yako ya mwisho ni nzuri, na inatosha kuonyesha kwamba hatuwezi kutegemea kukadiria kwa macho. Ngoja tulitengeneze swali hili tangu mwanzo, kisha turudi kwenye kila jibu lenu tuone limetokea wapi.

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, jiulize mediani iko katika kipande kipi. Eneo la kipande cha kwanza ni pembetatu yenye kitako 2 na kimo 1/3, kwa kuwa f(2) = 2/6. Eneo lake ni 1/3. Hii ina maana kwamba tukifika saa 2 tumekusanya theluthi moja tu ya uwezekano wote, na theluthi ni pungufu ya nusu. Kwa hiyo mediani haijafikiwa, na lazima iko mbele ya 2, ndani ya kipande cha pili. Hatua hii haichukui hata dakika moja, lakini ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Sasa tuingie katika kipande cha pili tukiwa tumebeba ile theluthi. Nusu kutoa theluthi ni sehemu moja ya sita. Kwa hiyo intigrali ya kuanzia 2 hadi m haitakiwi kuwa sawa na 1/2, bali inatakiwa kuwa sawa na kile kilichobaki kuifikia nusu:

```
∫ kutoka 2 hadi m ya (6 − t)/12 dt = 1/6
[16 − (6 − m)²]/24 = 1/6
(6 − m)² = 12
m = 6 − 2√3  au  m = 6 + 2√3
```

Jawabu la pili ni takriban 9.46, nalo liko nje ya saa 6 ambako msongamano ni sifuri, kwa hiyo linaachwa. Linabaki 6 − 2√3.

Hapa namrekebisha ndugu Bahari_Shwari kidogo. Hatuchagui jawabu kwa sababu ni dogo, tunalichagua kwa sababu limo ndani ya kipande tulichokuwa tukikishughulikia. Chukua msongamano x/8 kuanzia 0 hadi 4: mlinganyo wake ni m² = 8, na jawabu dogo ni hasi. Anayefuata kanuni ya "lile dogo" ataandika muda hasi.

Sasa majibu yenu. Nuru, wewe ulipolinganisha intigrali ya kipande cha pili na 1/2, uliiacha nyuma theluthi iliyokwisha kukusanywa. Ukiweka 4 katika F iliyo kamili utapata 5/6, maana yake ni kwamba kati ya kila pampu sita, tano hukamilika kabla ya saa 4. Hilo liko mbali sana na nusu. Jibu lako linadanganya kwa sababu limetoka namba nzima, na mwanafunzi akiona namba nzima huamini kwamba ameshinda.

Mwenzako wa √6 ametumia fomula ya x²/12 mahali ambapo haina mamlaka. Fomula hiyo inafanya kazi hadi 2 tu, naye amepata 2.45. Jibu lenyewe limepita mpaka wa kipande alichokitumia, na hiyo ndiyo dalili ya kumwonyesha. Huhitaji kujua jibu la kitabu ili kuligundua kosa hilo.

Nuru_PCM

Mwalimu, hapa nimeelewa vizuri sana. Swali langu ni kuhusu yule wa tatu. Yeye hakuanzia 2 wala 0. Aliandika F(x) = x/2 − x²/24, akalinganisha na 1/2, akapata x² − 12x + 12 = 0. Anasema intigrali ya (6 − x)/12 ni hiyo hiyo, na kweli ndivyo ilivyo.

Mwl_Pwani

Ni kweli, ila ameiacha namba isiyobadilika ambayo huongezwa kwenye kila intigrali isiyo na mipaka. Namba hiyo hatuichagui tupendavyo. Fanksheni limbikizi haina ruhusa ya kuruka, kwa sababu hakuna uwezekano wowote uliorundikwa kwenye nukta moja ya 2. Kwa hiyo vipande viwili vya F lazima vikutane pale. Kipande cha kwanza kinafika 2 kikiwa na 1/3. Fomula ya mwenzenu, ukiweka x = 2, inatoa 1 kutoa 1/6, yaani 5/6. Tofauti ni nusu nzima, kwa hiyo namba inayokosekana ni −1/2. Fanksheni limbikizi kamili ni hii:

```
F(x) = 0                     x < 0
F(x) = x²/12                 0 ≤ x ≤ 2
F(x) = x/2 − x²/24 − 1/2     2 < x ≤ 6
F(x) = 1                     x > 6
```

Mstari wa tatu unaweza pia kuandikwa 1 − (6 − x)²/24, na mimi naupenda zaidi ukiwa hivyo, kwa sababu unaonyesha wazi kwamba F inafika 1 pale x inapofika 6. Wanafunzi wangu niliwazoesha kupima mambo mawili kabla ya kuigusa mediani: je, vipande vinakutana mpakani, na je, kipande cha mwisho kinaishia kwenye 1? Fomula ya mwenzenu ikiwekwa 6 inatoa 3 kutoa 1.5, yaani 1.5. Uwezekano uliozidi 1 ni kengele ambayo ingemzuia kabla hajaendelea.

Umbo hilo la pili linafungua pia njia ya mkato. Eneo lililo kulia mwa m nalo ni nusu. Kulia kuna pembetatu moja tu, yenye kitako 6 − m na kimo (6 − m)/12. Nusu ya kitako mara kimo ni (6 − m)²/24, ilinganishe na 1/2, na umefika bila kuigusa ile theluthi kabisa. Panapokuwa na vipande vingi upande wa kushoto na kimoja tu upande wa kulia, anzia kulia.

Karani_Zahanati

Samahani kwa kuingilia, lakini nadhani mnazunguka sana. Mimi natunza kumbukumbu za muda wa wagonjwa kusubiri katika zahanati, na mediani nimeitafuta kwa fomula tuliyofundishwa kidato cha pili: mpaka wa chini wa daraja la kati, jumlisha N/2 kutoa limbikizo la marudio yaliyotangulia, gawanya kwa marudio ya daraja hilo, zidisha kwa upana wa daraja. Haina intigrali hata moja. Kwa nini Nuru asitumie hiyo? Pia nina shida yangu: daraja langu la mwisho limeandikwa "saa 4 na zaidi", na sijui nilipe upana gani.

Fundi_Mitambo

Ndugu Karani, swali la Nuru halina orodha ya watu waliohesabiwa. Lina fomula ya msongamano. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mwl_Pwani

Ni tofauti kwa sura, ila kwa undani ni ndugu wa karibu, na nimefurahi kwamba Karani ameileta fomula hiyo. Hebu itazameni. "N/2 kutoa limbikizo lililotangulia" ni ile ile nusu kutoa theluthi tuliyoifanya hapo juu: tunahesabu kilichobaki kuifikia nusu. Kisha fomula inagawanya kwa marudio ya daraja na kuzidisha kwa upana, na hapo inachukulia kwamba ndani ya daraja hilo watu wametawanyika sawasawa, yaani msongamano ni mstari uliolala. Intigrali ya mstari uliolala ni mstatili, ndiyo maana haionekani kama intigrali. Kwa hiyo Karani amekuwa akitatua F(m) = 1/2 muda wote huo.

Tujaribu kwenye swali la Nuru. Tuseme tuna pampu 60 zilizogawanyika kama msongamano unavyosema. Kuanzia 0 hadi 2 zitakuwa 20, kuanzia 2 hadi 4 zitakuwa 30, na kuanzia 4 hadi 6 zitakuwa 10. Fomula ya Karani inatoa 2 + (30 − 20)/30 × 2, yaani 2.67. Mediani halisi ni 2.54. Tofauti hiyo imetokana na kwamba ndani ya daraja la 2 hadi 4 msongamano hauko sawa, unashuka kutoka 1/3 hadi 1/6, kwa hiyo pampu nyingi zimesogea upande wa 2 na nusu inafikiwa mapema zaidi. Msishangae kwamba 2.67 inafanana na wastani aliotaja Bahari_Shwari, ni bahati tu ya namba hizi. Aliye na fomula ya msongamano asiitupe ili arudi kwenye madaraja, kwa kuwa atapoteza taarifa aliyokwisha kupewa. Aliye na madaraja peke yake, kama Karani, hana budi kuyatumia.

Kuhusu daraja lako lililo wazi, ndugu Karani, usilipe upana wowote. Ikiwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wako walihudumiwa kabla ya saa 4, mediani yako iko katika madaraja ya chini na haijali kama mgonjwa wa mwisho alisubiri saa 5 au 9. Wastani ndio usioweza kuupata bila kubuni namba.

Karani_Zahanati

Ahsante sana, Mwalimu. Waliohudumiwa kabla ya saa 4 ni zaidi ya robo tatu, kwa hiyo nimepata nilichokihitaji.

Fundi_Mitambo

Kwa kuwa uzi umefika hapa, naomba niongeze swali la pili ambalo mimi hukutana nalo. Tuna mtambo wenye pampu moja ya akiba. Pampu ya kwanza ikifa, ya akiba inaingia, na mtambo unasimama ya pili inapokufa. Kila pampu huishi kwa wastani wa mwaka 1 na haizeeki, yaani uwezekano wake wa kufa kesho hautegemei imeishi muda gani. Msongamano wa muda wa mtambo mzima unakuwa f(x) = x e^(−x) kwa x kuanzia 0 na kuendelea. Nimepata F(x) = 1 − (1 + x)e^(−x). Mediani inatoka kwenye (1 + m)e^(−m) = 1/2, na hapo nimegonga ukuta. Nimechukua logarithimu pande zote mbili na m imebaki pande zote mbili.

Bahari_Shwari

Hiyo haina jibu, basi. Andika kwamba mediani haipo.

Mwl_Pwani

Hapana, mediani ipo, na ni moja tu. F inaanza 0, inapanda bila kukatika na bila kupumzika, na inaelekea 1. Lazima inapita kwenye nusu, na inapita mara moja. Kisichopatikana ni kuiandika m kwa vipeuo na logarithimu za kawaida. Namba yenyewe tunaweza kuikaribia kadiri tupendavyo.

Njia ya Newton inapendeza sana hapa, kwa sababu mteremko wa F ni msongamano wenyewe, na msongamano tunao tayari:

```
m mpya = m − (F(m) − 1/2) / f(m)
```

Anzia kwenye modi, ambayo hapa ni 1. F(1) ni 0.2642 na f(1) ni 0.3679, kwa hiyo m mpya ni 1.6409. Rudia, utapata 1.6781. Rudia tena, utapata 1.6783, na baada ya hapo tarakimu hizo nne hazibadiliki. Kwa hiyo mtambo wako una nafasi sawa ya kusimama kabla au baada ya takriban mwaka 1 na miezi 8, ingawa wastani wake ni miaka 2 kamili. Mkia mrefu wa upande wa kulia ndio unaouvuta wastani.

Fundi_Mitambo

Nimejaribu, Mwalimu, ila mimi nilianzia 6 na hesabu imenipeleka kwenye −26. Kuna kasoro gani?

Mwl_Pwani

Kasoro iko kwenye mahali pa kuanzia. Ukiwa kwenye 6, F imekwisha kufika 0.98 na msongamano ni 0.015 tu, yaani F imelala karibu kabisa. Unagawanya 0.48 kwa namba ndogo kama hiyo, na hatua inakuwa zaidi ya 32 kwenda kushoto, hadi nje ya mahali ambapo msongamano upo. Kwenye mkia wa msongamano njia hii haiaminiki.

Sababu ya kuanzia kwenye modi ni hii: kuanzia modi kwenda kulia, msongamano huu unashuka, kwa hiyo F inapanda kwa kasi inayopungua. Mstari unaoigusa F pale hukaa juu ya F, nao hukutana na nusu kabla F haijafika. Kila hatua inakusogeza kulia bila kuipita mediani. Hilo ni kweli mradi F ya modi iwe chini ya nusu, kama ilivyo hapa. Kama huna uhakika, gawanya katikati: F(1) iko chini ya nusu, F(2) ni 0.594 na iko juu, basi jaribu 1.5, kisha nusu ya kipande kilichobaki, na kuendelea. Ni polepole, ila haikutupi nje kamwe.

Nuru_PCM

Mwalimu amesema F inapita kwenye nusu mara moja kwa sababu haipumziki. Je, ikipumzika? Nimejitungia msongamano wa 1/2 kuanzia 0 hadi 1, sifuri kuanzia 1 hadi 2, kisha 1/2 tena kuanzia 2 hadi 3. F inafika nusu kwenye 1 na inabaki nusu hadi 2. Mediani ni ipi?

Bahari_Shwari

Ni 1.5. Tunachukua katikati, kama tunavyofanya kwa orodha yenye idadi shufwa.

Fundi_Mitambo

Mimi ningeandika 1. Programu nyingi za kompyuta hutafuta thamani ndogo kabisa ambayo F yake imefika nusu au zaidi, na hapa ni 1.

Mwl_Pwani

Mimi siafiki kwamba mojawapo ni sahihi zaidi ya nyingine. Kila namba kuanzia 1 hadi 2 inatimiza F(m) = 1/2, na zote zina sifa ile ile ya mediani: wastani wa umbali kutoka m hadi X ni 1, ukichagua m yoyote kati ya hizo. Nuru, kwenye mtihani ningeandika 1 ≤ m ≤ 2 na sababu yake.

Bahari_Shwari

Mwalimu, kwa heshima, swali linapodai "mediani" linataka namba moja. Msahihishaji mwenye jibu la 1.5 kwenye mwongozo wake hatatoa alama kwa kipande kizima.

Mwl_Pwani

Basi Nuru aandike kipande chote, kisha aongeze kwamba kwa desturi huchukuliwa 1.5. Lakini mwongozo unaotaja 1.5 peke yake bila kueleza, mimi ningeupinga kwenye kikao cha usahihishaji.